Pesa ya bibi inapungua kwenye simu na hajui imeenda wapi: dalili, sababu na dawa yake

Nianze na jambo ambalo watu wengi hapa Lamu hawalijui mpaka wafike kwa ajenti waulize. Kwenye M-Pesa hakuna mahali pa kuingia ukaandika "bibi yangu asiweze kutoa zaidi ya elfu mbili kwa siku". Limiti zipo lakini ni za kampuni, na ni kubwa: shilingi 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku. Hizo zinamfaa mfanyabiashara wa ng'ombe, sio bibi wa miaka 78 anayekaa Langoni ambaye pesa yake ya mwezi mzima ni elfu kumi. Ile huduma ya M-PESA Go inayompa mzazi nafasi ya kuweka kikomo cha matumizi imetengenezwa kwa ajili ya watoto, huwezi kumsajili mamako humo.

Kwa hivyo tukisema tunamwekea mzee limiti, tunamaanisha tunapanga kiasi gani kinakaa ndani ya ile waleti wakati wowote. Hata tapeli akipata pini, hawezi kuchukua kisichokuwepo. Na tukisema alati, tunamaanisha mesej ya M-Pesa imfikie mzee, aielewe, halafu mtu wa pili ajue mapema. Hayo mawili ndio yanavunjika kwa njia tofauti, basi tuyafuate dalili kwa dalili. Nimeandika kwa M-Pesa kwa sababu ndio wazee wengi wa huku wanayo.

"Pesa imetoka na hakuna mesej iliyoingia"

Hii ndio inatisha watu na mara nyingi sababu yake ni ndogo. Kama ni kabambe, fungua mahali pa mesej uangalie kama imejaa. Simu hizi ndogo zina nafasi ya mesej chache tu, na bibi hafuti kitu, kwa hivyo matangazo ya bando na mesej za mwaka juzi zimejaza mpaka juu na ile ya M-Pesa ikija haina pa kukaa. Ukifuta utaona nyingine zinaingia kwa mfululizo, zile zilizokuwa zimekwama. Ukiwa hapo hapo badilisha mesej zihifadhiwe kwenye simu badala ya kwenye laini, laini hubeba chache zaidi.

Kama ni simu janja, tafuta kwenye orodha ya namba zilizozuiwa na kwenye sehemu ya spam. Mtoto akichezea simu anaweza kublok jina MPESA kwa kubonyeza tu. Na kama mtu wa nyumbani ndiye anatoa pesa, anaweza kuwa ameblok makusudi, au anafuta mesej kila akimaliza, na hapo ndipo utaona ajabu: mesej za matangazo ziko zote, za M-Pesa ndio hazipo.

Usibahatishe, uliza mfumo wenyewe. Bibi mwenyewe aingie:

```
*334#
```

aende My Account, kisha sehemu ya stetimenti, achukue ile fupi, ataona miamala ya mwisho. Hio haitegemei mesej iliyofutwa. Ikiwa pesa imetoka na iko kwenye stetimenti lakini haiko kwenye mesej, basi mesej ilifutwa, ilizuiwa au ilikosa nafasi. Ikiwa haiko hata kwenye stetimenti kamili, basi haikutoka, bibi alisahau tu alikuwa na ngapi, na hilo nalo ni la kawaida kwa mtu mzima, usimgombeze.

Kuna jengine dogo lakini linasaidia sana. Mesej zikiwa za Kiingereza bibi anaziona kama matangazo tu. Kwenye My Account kuna mahali pa kubadilisha lugha, weka Kiswahili. Akisoma mwenyewe au akisomewa na jirani kuwa ametuma pesa kwa fulani, na yeye hakutuma, atashtuka siku hio hio badala ya mwisho wa mwezi.

"Mesej imeingia inasema pesa imekuja, lakini salio halijaongezeka"

Hio mara nyingi ni mesej ya uongo. Angalia imetoka wapi: ya kweli inakuja kwa jina MPESA, haiji na namba ya simu ya mtu. Baada yake itakuja simu, mtu analia ati ametuma kimakosa pesa ya hospitali, arudishiwe upesi. Mfundishe bibi kitu kimoja tu: aangalie salio kabla ya kufanya lolote, na kama ni kweli pesa imeingia kimakosa, mwenye nayo apitie Safaricom airudishiwe huko, sio kwa bibi kuituma kwa mkono wake. Ile mesej ya uongo unaisambaza kwenda 333, bure. Na Safaricom wakimpigia mteja hupiga kwa 0722 000 000, anayepiga kwa namba nyingine akijiita wa Safaricom akate.

Kama bibi ameshatuma, usianze kubishana na tapeli kwenye simu. Sambaza ile mesej ya muamala kwenda 456 dakika hio hio. Ikiwa huyo mtu hajaitoa bado kuna tamaa, akishaitoa kwa ajenti ni kazi.

"Nimemtumia elfu mbili na mia tano, yeye anasema amepata elfu mbili na kitu"

Hapa familia nyingi hugombana bure. Aliyetuma anaonyesha mesej yake, bibi anaonyesha salio lake, na kila mmoja anasema kweli. Katikati yao kuna Fuliza.

Fuliza ni ule mkopo unaoziba pengo pale muamala unapozidi salio. Tuseme bibi alikuwa na 200, mjukuu akanunua kitu cha 500 kwa simu yake. Fuliza inaongeza 300, inaweka ada ya asilimia 1 ambayo hapo ni shilingi 3, halafu kuna ada ya kila siku deni likiendelea kukaa. Siku pesa yoyote ikiingia, deni linakatwa kwanza bila kuulizwa. Kwenye stetimenti kamili utaiona imeandikwa hivi:

```
OD Loan Repayment to 232323 - M-PESA Overdraw
```

Ukiona mstari huo basi umepata pesa ilikoenda, na swali linalobaki ni nani alitumia zaidi ya salio na tarehe gani. Angalia miamala ya juu na chini yake.

Mimi nasisitiza hili kuliko mengine yote kwenye makala haya: Fuliza inavunja limiti yoyote unayojaribu kumwekea mzee. Unapanga asikae na zaidi ya 2,500, unadhani hasara kubwa ni 2,500, kumbe mwenye pini yake anaweza kutumia hizo na juu yake akaingia kwenye mkopo wa Fuliza kwa jina la bibi. Na mikopo ya M-Shwari na KCB M-Pesa iko humo humo kwenye menyu, anayejua pini anaweza kuiomba. Kama bibi haitumii Fuliza kwa hiari yake, lipeni deni liishe, halafu ingieni kwenye menyu ya Fuliza ajitoe, imeandikwa Opt Out. Deni likiwa bado lipo hataweza kujitoa, ndio maana kuna watu hujaribu wakaona imekataa wakadhani simu ina shida.

"Zinatoka kidogo kidogo, mia mbili, mia tatu, hatujui nani"

Hii ndio ngumu, na sio kwa sababu ya simu. Tapeli wa mbali huchukua zote mara moja. Zinazochirizika kidogo kidogo mara nyingi zinachukuliwa na mtu anayeishika ile simu, na bibi mwenyewe alimpa pini siku alipotaka asaidiwe kutoa pesa kwa ajenti.

Chukua mfano wa bibi wetu wa Langoni. Binti yake wa Mombasa amekuja, anachukua stetimenti kamili: *334#, My Account, M-PESA Statement, inatumwa kwa barua pepe. Faili linakuja limefungwa na namba ya kulifungulia inakuja kwa mesej kwenye simu ya bibi. Wanakaa barazani, wanafungua, wanapitia safu ya Details na safu ya saa.

"Bibi, tarehe nne saa tano usiku mia tatu imelipwa dukani, ulikuwa wapi?"

"Saa tano usiku mwanangu? Mimi nikishaswali isha nalala."

"Na tarehe saba tena usiku, bando."

"Mimi bando sijui hata likoje."

Saa ndio inasema zaidi kuliko kiasi. Ya asubuhi saa tatu kwa ajenti wa karibu ni bibi mwenyewe. Za usiku, tena Merchant Payment na bando na airtime, ni mtu mwenye simu janja anayetumia pini ya bibi wakati simu imewekwa chaji. Ukiona Pay Bill kwenda kampuni za kubeti ndio huna haja ya kuuliza zaidi.

Dawa ni kubadilisha pini, kwenye My Account, Change PIN. Bibi aiandike mwenyewe na wote wengine wageuze uso. Isiwe mwaka wake wa kuzaliwa kwa sababu huo upo kwenye kitambulisho na kitambulisho kila mtu humbebea. Isiandikwe nyuma ya simu wala kwenye kikaratasi ndani ya kava. Akikosea mara tatu itafungwa, basi ajaribu mara mbili tatu mkiwa pamoja, kwa kuangalia salio tu, mpaka mkono uzoee. Na kwa ajenti, bibi asiseme pini kwa sauti, hata kama kuna foleni na ajenti ni mtoto wa jirani, abonyeze mwenyewe.

Yule kijana wa nyumbani mnaongea naye kivyenu, najua kila nyumba ina namna yake. Lakini badilisha pini kwanza, maneno baadaye, kwa sababu maneno yakitangulia atazitoa zilizobaki.

Tahadhari moja kuhusu ile stetimenti. Nimesema namba ya kuifungua inakuja kwa simu ya bibi. Usijizoeshe kumpigia kutoka Mombasa au Muscat ukamwambia "nisomee hio namba iliyoingia". Ukimzoesha kusoma namba kwa mtu aliye kwenye simu, siku tapeli akipiga na sauti ya upole atamsomea vile vile, kwa sababu ndio alivyofundishwa na wanawe. Ifungue ukiwa umekaa naye. Ukiwa mbali mtumie mtu mmoja mnayemwamini aende kwake, haidhuru mkichelewa. Kwa sababu hio hio mimi siungi mkono zile programu za kusambaza mesej zote za mzee kwenda simu ya mtoto, zinabeba pia namba za siri za benki na kila kitu, na hujui nani mwingine anazisoma njiani.

"Sawa, basi hio limiti nitaiwekaje?"

Unaiweka upande wa anayetuma. Tuseme watoto watatu wanachanga 12,000 kwa mwezi na kila mmoja anatuma kivyake, wote tarehe moja mbili hivi. Siku hizo bibi ana elfu kumi na mbili kwenye simu na kila mtu mtaani anajua mwisho wa mwezi umefika. Badilisheni hivi: wote watume kwa binti mmoja, na huyo aweke M-PESA Ratiba, iko kwenye *334# na kwenye programu ya M-PESA, imtumie bibi 2,500 kila wiki siku moja, tuseme Alhamisi ili Ijumaa awe na ya sokoni. Nne za hizo ni 10,000. Zile 2,000 zinabaki kwa binti kwa ajili ya dawa, na ule mwezi wenye Alhamisi tano ile ya tano inajazwa humo, mkiongeza 500 juu yake. Umeme wa tokeni binti analipa mwenyewe kwa paybill 888880 na namba ya mita ya bibi, anamtumia zile tarakimu. Duka la dawa linalipwa kwa till moja kwa moja. Kila kinacholipwa nje ya simu ya bibi ni pesa ambayo haiwezi kuibiwa ndani yake.

Watu husema itakula ada. Hesabu tuifanye. Kwa ada za sasa kutuma 2,500 ni shilingi 33, mara nne ni 132, na kutoa ni 29, mara nne ni 116, jumla 248. Kutuma 10,000 kwa mpigo ni 90 na kutoa yote ni 115, jumla 205. Tofauti ni shilingi 43 kwa mwezi, na bibi hakai tena na pesa ya mwezi mzima ndani ya nyumba wala ndani ya simu. Ila usipandishe iwe 2,600, hapo unaingia daraja jengine la ada, kutuma inakuwa 53 na kutoa 52.

Ratiba ikikosa kwenda, sababu ya kwanza ni salio la anayetuma halikutosha siku hio, sio simu ya bibi. Binti aangalie mesej zake kabla hajampigia bibi kumuuliza amepeleka wapi.

Kuna pesa ambayo haipiti kwa watoto. Inua Jamii ya wazee wa miaka 70 na zaidi ni 2,000 kwa mwezi lakini huja ikiwa imelimbikizwa, na kuna waliouza nazi au mbuzi. Hio ikiingia kwenye simu isilale hapo. Inaweza kuwekwa kwenye akaunti ya kufunga ya M-Shwari, Lock Savings, ambayo ukitaka kutoa kabla ya muda unatoa notisi ya saa 48. Faida yake kwa mzee sio riba, ni zile siku mbili. Tapeli anahitaji haraka, akisikia mpaka kesho kutwa anakata simu, na ndani ya siku mbili bibi atakuwa ameshamtajia mtu. Pesa ya kawaida ya M-Shwari haina ngoja hio, inarudi M-Pesa papo hapo, msizichanganye. Kama ni pesa kubwa zaidi, nendeni benki mfungue akaunti inayohitaji sahihi mbili, ya bibi na ya mtoto mmoja, na alati za mesej ziende namba zote mbili. Benki ndio mahali ambapo mtu wa pili anaweza kupata alati yake mwenyewe kihalali, M-Pesa haimtumii mtu wa pili.

Kwa upande wa M-Pesa mtu wa pili anapatikana kwa njia ya kienyeji: kwenye kabambe weka namba ya binti kwenye kitufe cha 2, bibi akibonyeza kwa muda inapiga. Mpatane, mesej yoyote ya M-Pesa ambayo hakuitarajia, iwe ya kuingia au kutoka, anabonyeza 2 anaflashi, binti anarudisha simu. Na iwe binti ndiye anayerudisha kwa namba yake, bibi asijibu namba nyingine kuhusu pesa.

"Simu imepoteza mtandao ghafla"

Kwanza muulize jirani wa laini hio hio. Kama wote hamna, ni mtandao, subirini. Kama jirani anao na ya bibi imekufa hata ukizima na kuwasha, chukulia kuwa laini imehamishwa na mtu mwingine. Usingoje kesho, piga 100 kwa simu nyingine ya Safaricom waifunge M-Pesa, halafu bibi aende na kitambulisho chake dukani kwao. Kabla halijatokea, kwenye laini ya bibi piga:

```
*100*100#
```

Hio inazuia laini isibadilishwe kwa ajenti yeyote wa mtaani, mpaka mwenyewe afike duka la Safaricom. Kwa mtu wa kisiwani ni usumbufu siku simu ikianguka baharini kweli, kwa sababu huenda mkalazimika kusafiri, lakini kwa mzee ambaye kitambulisho chake kimepita mikono mingi mimi naona usumbufu huo unastahili. Mwelezeni kabla ya kuiweka, ni laini yake na pesa yake, akikataa basi mbakie na ile Ratiba ya 2,500 na Fuliza iliyofungwa.